Kikao cha ukoo kimenipanga nimrithi shemeji kabla ya masika. Familia zenu zilipitia njia gani nyingine?

MdogoWaMarehemu (mwenye uzi)

Wadau, naandika kutoka Nairobi, kwetu ni Siaya upande wa Alego. Kaka yangu ninayemfuata tulimzika mwezi wa 11. Ameacha mke na watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Jumamosi kulikuwa na kikao nyumbani, mimi nikashiriki kwa simu. Wamekata shauri kwamba shemeji lazima afanyiwe tero, ile mila yetu Wajaluo ya mjane kurithiwa, kabla hajatia mbegu shambani, na kwamba jater, yaani wa kumrithi, ni mimi. Nikikataa, baba mdogo amesema yuko mtu pale sokoni anayefanya kazi hiyo kwa pesa na pombe. Atalala usiku mmoja, mjane atakuwa "safi", mambo yaendelee.

Shemeji hakuulizwa. Alikuwa jikoni anawapikia hao hao chai. Nilipompigia jioni aliniambia, "Shem, nyinyi ni watu wangu na sitaki kuondoka. Lakini mwili wangu haujadiliwi kwenye kikao." Mimi nina mke, na huyu nimemjua kama dada tangu niko shule.

Kinachonipa kazi ni Mama. Amepita miaka 70 na anaogopa kwelikweli. Mjukuu wake mkubwa anakohoa tangu Krismasi na amekonda, na Mama anasema chira, laana ya kuvunja mila, imeshaanza kula watoto kwa sababu mama yao ni chi liel, mke wa kaburi, ambaye hajatolewa kwenye kivuli cha kaburi. Hana hila yoyote, analia kwenye simu. Baba mdogo namwona tofauti. Ameshalima kile kipande cha kando ya mto alichokuwa analima kaka, na anasema nyumba haiwezi kuezekwa upya mpaka mjane awe na mwanamume. Paa linavuja. Hati ya shamba lote bado iko kwa jina la babu.

Naomba njia ambazo familia zenu zilipitia kweli. Tafadhali msiniambie "achana na mila", maana Mama ndiye atakayebaki pale dala, nyumbani kwetu, na shemeji, mimi nitarudi mjini.

Jabondo_Halisi

Pole kwa msiba, omin. Lakini mnaharibu jina la jambo lenye maana. Tero haikuwa ngono. Ilikuwa ulinzi. Mjane alibaki kwenye ardhi yake, watoto wakabaki na jina la baba yao, kukawa na mtu wa kuziba ua na kusimama harusini. Wewe unakimbia jukumu la kaka yako halafu unaita ni haki za binadamu. Ukikataa wewe, ndipo anapoingia huyo wa sokoni. Kwa hiyo chagua.

SheriaMkononi

Chagua nini tena? Hiyo tero ni marufuku Kenya tangu 2015, ni kosa la jela. Nenda polisi uwashitaki wote waliokaa kikao. Na mwambie baba mdogo mjane anarithi kila kitu cha mumewe moja kwa moja, hana la kusema. Mbona rahisi.

NesiWaZiwani

Kabla hatujafika kwa polisi, naomba kuuliza kuhusu mtoto. Anakohoa tangu Krismasi na sasa ni Februari mwishoni. Amekonda. Je, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni? Kaka aliugua nini, na alikuwa anakohoa miezi ya mwisho? Shemeji na watoto wameshapimwa?

Naandika kama mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati za huku ziwani. Chira kama wazee wanavyoieleza ni mtu kukonda, kukohoa, kuharisha, kuisha polepole, halafu mwingine wa nyumba ile ile anafuata. TB na VVU visivyotibiwa vinaonekana hivyo hivyo. Ndiyo maana hofu ya Mama haiondoki kwa maneno, ameona nyumba zikiisha. Mtoto aliyekohoa zaidi ya wiki mbili na kukonda anapimwa TB, na watu wote wanaolala nyumba hiyo wanachunguzwa. Dawa na vipimo vya TB ni bure katika vituo vya serikali. Mpeleke wiki hii, na ikiwezekana Mama mwenyewe aandamane naye, asikie kwa masikio yake.

Kuhusu huyo mtu wa sokoni. Anatoka kwa mjane huyu anaenda kwa mwingine, na wanaomlipa wanadai asitumie kondomu, kwa sababu wanasema bila miili kugusana mila haijatimia. Homa Bay, Kisumu na Siaya ndizo zilizoongoza Kenya kwa VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2018. Homa Bay peke yake ilikuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Utafiti mwingine wa Bondo uliochapishwa 2010 ulikuta zaidi ya nusu ya wajane karibu 2,000 waliohojiwa walikuwa wamerithiwa. Hatari iko kwa mjane, kwa jater, na kwa mke wa jater aliye Nairobi na hajui lolote.

Ikitokea kwa bahati mbaya ameingiliwa kwa nguvu, afike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, aanzishiwe dawa za kuzuia VVU. Mapema ni bora kuliko saa ya 70. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka siku ya tano. Halazimiki kuripoti polisi kwanza ndipo atibiwe.

MzeeWaDuol

Mdogo, nimekaa vikao vya namna hii tangu nikiwa kijana wa kubeba viti, na sasa huwa ninaviongoza. Nitakujibu kwa lugha ya wazee wenyewe, kwa sababu ndiyo utakayoitumia pale.

Jabondo amesema kweli nusu. Ni kweli jater alikuwa mlinzi. Alichoacha kusema ni mipaka ya jater. Mjane hawi mke wake. Anabaki mke wa marehemu mpaka afe, ndiyo maana anaitwa mke wa kaburi. Watoto wakizaliwa ni wa marehemu. Jater hapati hata jembe la nyumba ile, sembuse shamba. Na mjane akimwona mvivu au mlevi, humfukuza akatafuta mwingine, na hakuna ng'ombe wa kurudisha. Sasa mwulize baba yenu mdogo kwa adabu, mbele ya wazee wenzake: ni mila ipi inayompa kipande cha mto? Hatakuwa na jibu, na wazee wengine wanajua hana.

Jambo la pili. Kwenu hakuna bibi mzee aliyefiwa akiwa amekwisha kuzaa? Mwulize Mama yako alifanyiwa nini baba yenu alipofariki. Kwa wajane wazee sisi hatulazi mtu. Mwanamume wa ukoo analeta koti lake, linatundikwa ndani ya nyumba ya mjane usiku mmoja, asubuhi linachukuliwa, na tero imekwisha. Nimeshuhudia mara nyingi na hakuna aliyesema chira imebaki. Kama koti linamtoa bibi wa miaka 65 kwenye kivuli cha kaburi, basi linaweza kumtoa wa miaka 35. Kivuli ni kile kile. Hoja hii ndiyo iliyofungua milango kwetu, kwa sababu haiwaambii wazee kwamba mila yao ni ya uongo.

MdogoWaMarehemu

Mzee, asante sana. Nimempigia Mama. Alinyamaza kidogo, halafu akasema ndiyo, baba alipofariki ni koti la binamu yake lililotundikwa. Sikuwahi kujua. Mtoto anapelekwa kesho kituo cha afya, na kaka ni kweli alikohoa sana.

NyarRorya

Samahanini, mimi ni Mjaluo wa upande wa Tanzania, Rorya. Ndugu, mbona hamjamwambia kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971? Kinasema mwanamke aliyefiwa na mume, hata kama mila inasema vingine, yuko huru kuishi anakotaka, na kubaki bila kuolewa au kuolewa na mwanamume amtakaye. Shemeji akionyeshe kikao.

Mimi mwenyewe nimekwama. Mume wangu alifariki, nimekataa kurithiwa, na sasa shemeji zangu wamekataa kukaa kikao cha ukoo. Mahakama ya Mwanzo waliniambia nilete muhtasari wa kikao ili niteuliwe msimamizi wa mirathi. Wao wanasema hawatasaini mpaka "nirudi kwenye mila". Kwa hiyo pesa za mume wangu ziko benki na mimi nauza dagaa.

KaraniWaMirathi

Dada NyarRorya, pole. Kifungu cha 68 ni chako na ni kizuri, ila ni sheria ya Tanzania. Mwenye uzi yuko Siaya. Nitarudi kwako, ngoja kwanza nimjibu SheriaMkononi kwa sababu ushauri wake unaweza kumtia shemeji hasara.

Sheria ya 2015 ya Kenya ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani imetaja kwa majina kurithi mjane kwa lazima na kutakasa mjane kuwa ni ukatili. Hilo ni kweli. Lakini kazi kubwa ya sheria ile ni kumpa mtu amri ya ulinzi. Shemeji anaenda mahakamani, au anaombewa na mtu mwingine, na hakimu anaweza kuamuru baba mdogo asimsogelee, asimfukuze nyumbani, asiguse vitu vyake. Akivunja amri hiyo ndipo panakuwa na kosa. Akilazwa na mtu bila ridhaa yake, hiyo ni kesi nyingine kabisa, ni ubakaji chini ya sheria ya makosa ya kingono ya 2006, na kifungo hakipungui miaka 10. Wazee kukaa na kusema maneno hakuwapeleki jela, na ukienda polisi na hilo tu watakurudisha, halafu kikao kijacho wanakuwa wamekasirika na hamna kitu mkononi.

Na si kweli kwamba mjane anarithi "kila kitu". Akiwa na watoto, vyombo na vitu vya nyumbani ni vyake moja kwa moja. Nyumba na shamba la marehemu anakaa nalo na kulitumia maisha yake yote, lakini analishika kwa niaba ya watoto, hauzi kama mali yake binafsi. Kinachomlinda zaidi ni kwamba yeye ndiye wa kwanza mahakama inayemtazama wakati wa kuteua msimamizi, kabla ya ndugu wa mume. Na mtu anayejichukulia mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama, kama huyo aliyelima kando ya mto, anatenda kosa: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ugumu wenu ni ile hati ya babu. Nitaeleza ukihitaji.

NyarRorya: hilo la muhtasari mahakama nyingi hulidai, lakini ni utaratibu wa kuisaidia mahakama kujua warithi. Halikupewa ndugu kama kufuli. Nenda na barua ya mtendaji, cheti cha kifo, cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa, na barua yako mwenyewe inayoeleza uliwaita lini na walikataa vipi. Omba mahakama iwaite waje waseme pingamizi lao. Kama karani wa pale anakurudisha mlangoni, omba kumwona hakimu, au tafuta msaidizi wa kisheria wa wilaya akusindikize.

NyarRorya

Karani, ubarikiwe. Nilidhani wao wakikataa basi nimefungwa. Nitajaribu Jumatatu.

MamaWaWatatu

Mimi ni mjane wa Homa Bay. Niliwahi kusema "ndiyo". Nataka niwaeleze ile ndiyo ilitoka wapi.

Mume wangu alikufa Januari. Machi wenzangu wote wakapanda, mimi nikaambiwa nisiguse mbegu kwa sababu nikitangulia bila kutolewa nitaua mtu. Aprili paa likaanza kuvuja, fundi akakatazwa kupanda juu. Mei shemeji mkubwa akaja na uso mzuri kuniuliza kama ninakubali. Watoto walikuwa wanakula kwa jirani. Nikakubali. Mbele ya kikao wakaandika kwamba mjane ameridhia kwa hiari yake, na hata mchungaji alifurahi kwamba sikulazimishwa.

Kwa hiyo mwenye uzi, mnapotafuta njia nzuri, msianze kwa kumwuliza shemeji anataka nini. Anzeni na paa. Anzeni na mbegu. Kile kipande cha mto kirudi mkononi mwake, paa lizibwe, mahindi yaingie ardhini, karatasi za urithi zianze kutembea. Halafu ndipo mumwulize kama anataka koti, maombi, mwanamume, au hataki chochote. Akijibu wakati huo mtakuwa mmesikia jibu lake. Akijibu kabla ya hapo mmesikia njaa.

Jabondo_Halisi

Mama, pole sana. Hilo la kuzuia paa silitetei. Lakini paa litazibwaje kabla ya tero? Ndiyo utaratibu wenyewe, mjane hajengi bila mwanamume.

MzeeWaDuol

Jabondo, kujenga dala mpya ni jambo moja, kuziba tundu la paa linalonyeshea watoto ni jingine. Nyumba ni ya marehemu na alishaijenga. Hata kwa ukali wa zamani, mwana wa nyumba au shemeji angepanda akaweka bati mbili. Wewe Mdogo ndiye uende. Panda juu ya paa mwenyewe, mchana, watu wakuone. Hiyo kazi ya mlinzi aliyoitaja Jabondo unaweza kuifanya yote bila kuvua viatu ndani ya nyumba ile: paa, ua, karo, kusimama kwenye harusi ya mtoto.

DerevaWaKusini

Mimi niko barabara ya Zambia miaka. Kule kusini kwa Watonga ilikuwa hivi hivi, ndugu wa marehemu kulala na mjane ili roho imwache. Sehemu nyingi machifu wao wenyewe walibadilisha: sasa anapakwa unga au anavishwa shanga nyeupe mbele ya watu na shughuli imekwisha. Malawi ilibidi ifike mahakamani, yule "fisi", mwanamume wa kulipwa kufanya mila hizo, aliyejitangaza kwa BBC kwamba ana VVU, alifungwa 2016 kwa kulala na wajane. Nionavyo mimi, palipobadilishwa na wakuu wa mila wenyewe watu hawakubishana sana.

NesiWaZiwani

Nakubaliana na Dereva, ila nina jambo la kumwuliza Mzee. Nimeona koti likitumika vibaya. Linatundikwa jioni, saa nne mwenye koti anakuja "kuliangalia", na mama wa watu hana wa kumwita.

MzeeWaDuol

Umesema neno. Ndiyo maana kwetu sasa koti lina masharti. Mwenye koti anachaguliwa na mjane, si na kikao. Tunapenda awe mzee, au mtu anayeishi mbali ambaye usiku ule halali pale dala. Koti linapelekwa na mama mmoja wa ukoo, mwanamume haingii. Wanawake wawili wanalala na mjane, mmoja kutoka kwao alikozaliwa. Asubuhi mama yule yule analitoa nje watu wakiona, na mwenyekiti anasema kwa sauti kwamba mjane amemaliza, asidaiwe tena, si wakati wa kupanda, si mtoto anapooa, wala siku ya kumzika. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Wajane wengi wanatishwa kwamba wakifa bila kurithiwa maiti yao haitapita langoni, na tishio hilo linaweza kuwafuata miaka 20.

Yote yaandikwe kwenye daftari la ukoo, wasaini.

MamaWaWatatu

Mzee nakuheshimu, lakini koti nalo linasema mimi ni mchafu. Mume amekufa kwa ugonjwa, kwa nini anayeoshwa ni mimi? Mwanamume akifiwa na mke, koti la nani linatundikwa kwake?

MzeeWaDuol

Binti yangu, swali lako ni zito na sina jibu la kukutosheleza. Mwanamume naye ana mambo yake baada ya kufiwa, lakini hapangiwi mtu na kikao, wala hakuna anayemnyima paa. Kwa upande wangu naona koti ni daraja kwa ajili ya yule mama wa miaka 70, avuke bila kuzama. Ukisema mjane asiyetaka hata daraja aachwe, nakubali.

MamaWaWatatu

Basi na iandikwe hivyo, kwamba anaweza kukataa hata koti na asipoteze kitu. Mimi mwaka wa pili nilimfukuza yule jater, nikajiunga na wajane wa kanisani kwetu ambao huombewa nyumbani na wakati wa kupanda tunapeana vibarua. Nilikodi shamba nusu ekari nje ya ukoo msimu mmoja ili nisisubiri mtu. Wapo kwetu wazee ambao mpaka leo hawali kwangu. Nimekubali hilo.

MdogoWaMarehemu

Narudi na taarifa, nimetoka nyumbani jana.

Mtoto amekutwa na TB. Ameanza dawa za miezi sita, na wadogo zake wamepewa dawa za kinga. Shemeji alikuwa anajua hali yake ya VVU tangu zamani, anameza dawa vizuri, na kipimo chake cha mwisho virusi havikuonekana. Mama alikaa na mhudumu karibu saa nzima. Hajasema kwamba chira haipo. Alisema, "Kumbe hii ina dawa." Wiki ya pili ya dawa mtoto aliomba ugali mara ya pili, na Mama akanipigia kunieleza hilo tu.

Nilifanya kama mlivyoniambia, paa kwanza. Bati tatu na misumari, mimi na kijana wa jirani, siku ya soko. Baba mdogo alipita, hakusema kitu.

Kikao tulikaa Jumapili na safari hii shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti, na kaka yake wa kuzaliwa alikuja. Niliuliza lile swali la jater na kipande cha mto kama Mzee alivyonifundisha. Wazee wawili wakacheka kidogo wakitazama chini, wa tatu akasema wazi kwamba jater hana shamba. Baba mdogo akasema alikuwa "analitunza". Amekubali kuvuna alichopanda kisha aondoke, ila amekataa kusaini daftari. Wengine saba wamesaini.

Shemeji alipoulizwa alisema atapokea koti kwa ajili ya Mama, koti la yule binamu wa baba, mzee wa miaka 80, na si sasa. Baada ya mtoto kumaliza dawa. Mbegu ametia tayari. Mama alitangulia kupanda shambani kwake, kesho yake shemeji akafuata kwake.

Karani, sasa nieleze ile hati ya babu. Baba mdogo kutosaini kunanitia wasiwasi.

KaraniWaMirathi

Una haki ya kuwa na wasiwasi, daftari la ukoo halizuii mtu kwenda kuuza. Fanyeni mambo mawili, moja la haraka na moja la taratibu.

La haraka: nendeni ofisi ya ardhi mkatafute rekodi ya ile hati, mjue kama bado ni jina la babu kweli. Kisha shemeji, kama mtu mwenye maslahi kwenye ardhi ile, aombe kuwekewa zuio. Likishaingia kwenye rejista hakuna anayeuza au kuhamisha kimyakimya.

La taratibu: urithi lazima uanzie kwa babu, kwa sababu kaka yako hakuwahi kuwa na jina kwenye hati. Tafuteni cheti cha kifo cha babu. Kama kifo hakikuandikishwa, inawezekana kuandikishwa kwa kuchelewa. Halafu cha baba yenu, na cha kaka. Chifu aandike barua inayotaja warithi wote wa babu, na jina la shemeji na watoto lionekane chini ya kaka yako. Hapo ndipo wajane wengi huachwa nje: jina halimo kwenye barua ya chifu, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya barua hiyo. Ombeni kuisoma kabla haijapigwa muhuri. Chifu akimruka, ushahidi wa ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipelekwe mahakamani moja kwa moja.

Ombi lenyewe ni fomu P&A 80 pamoja na kiapo cha P&A 5, na kwa shamba la ukubwa wa kawaida mahakama ya hakimu hapo Siaya inatosha. Litatangazwa kwenye Gazeti Rasmi siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baba mdogo anaweza kupinga, na ni bora apinge huko kuliko shambani. Hati ya usimamizi ikitoka, mnasubiri miezi sita, ndipo mnaomba ithibitishwe na ardhi igawanywe kwa majina. Shemeji awe mmoja wa wasimamizi. Mkimwachia baba mdogo peke yake kwa sababu ni mkubwa, mtarudi hapa.

SheriaMkononi

Na ile namba ya simu ya bure ya 1195 kwa mambo ya ukatili, inafanya kazi hata usiku?

NesiWaZiwani

Saa zote. Shemeji aiweke kwenye simu yake, na pia namba ya jirani anayeweza kufika kwa miguu.

NyarRorya

Nimetoka mahakamani. Hakimu amepokea ombi bila muhtasari, shemeji zangu wameitwa tarehe 14. Mmoja ameshanipigia akitaka tuongee. Je, niongee naye kabla ya tarehe hiyo au ninyamaze?

KaraniWaMirathi

Ongea, lakini usisaini chochote, na awepo mtu wako anayesikia.